Kukuza na kunoa kompoziti kwa ajili ya bango la mita 4: usianzie kwenye JPEG

"Wakuu naombeni msaada. Nimemaliza kompoziti yangu, mtu kasimama mbele ya milima na anga nimebadilisha, faili ni piksel 5000 kwa 2500. Mteja anataka bango la mita 4 kwa 2 na watu wa kuprinti wanasema lazima iwe 300 DPI. Nimesevu JPEG nikaikuza, milima imekuwa kama imepakwa mafuta, alafu nikinoa mtu anaonekana kama stika imebandikwa, ana mstari mweupe mwili mzima. Nifanyeje?"

Mkuu, kwanza hiyo 300, yaani piksel 300 kwa kila inchi, iweke pembeni kabisa. 300 ni ya kitu unachoshika mkononi, kama gazeti au kadi, ukiliweka bango la mita 4 kwenye 300 unapata faili ya piksel 47,000 hivi kwa 23,600, yaani zaidi ya piksel bilioni moja, na karibu zote zitakuwa za kubuni maana wewe unazo milioni 12 na nusu tu. Alafu mara nyingi kuna mchanganyo hapo, ile namba inayoandikwa kwenye mashine ya kuprinti, 720 au 1440, ni matone ya wino, sio piksel za picha yako. Mashine inatumia matone mengi kutengeneza rangi ya piksel moja.

Hesabu ya kweli iko kwenye umbali. Jicho zima linaweza kutenganisha kitu cha kama milimita 0.3 kwa kila mita moja ya umbali, kwahiyo mtu aliyesimama mita 3 anatenganisha kitu cha milimita 0.9, akiwa mita 10 ni milimita 3. Sasa chukua bango lako, milimita 4000 gawanya kwa piksel 5000, kila piksel itakuwa na upana wa milimita 0.8. Maana yake kwa mtu wa mita 3 hata hiyo faili uliyonayo piksel zake hazionekani, iko mpakani lakini imepita. Kwahiyo tunakuza kwa sababu mbili tu, moja kuna watu watapita karibu zaidi ya hapo, mita moja na nusu hivi, na pili kunoa kunahitaji piksel ndogo kuliko zile unazotaka jicho lione, ukinoa juu ya piksel kubwa kila kosa linakuwa kubwa. Mara mbili inatosha. Piksel 10,000 kwa 5,000, kila moja milimita 0.4, yaani piksel 25 kwa sentimita. Shika hiyo namba 25 maana nitairudia. Ukizidi hapo kompyuta ndo inateseka, bango halipati kitu.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ambalo ni ile JPEG. Ulipobana leya zote ukasevu JPEG ulifanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. JPEG inakata picha kwenye viboksi vya piksel 8 kwa 8 na kuacha alama kwenye mipaka yake, na ukikuza programu haijui kwamba hizo ni alama za JPEG, inaziona ni sehemu ya picha inazikuza nazo. Ule mwonekano wa mafuta kwenye milima ni hizo alama zimechanganyikana na chenga za kamera, vile vidoadoa vidogo vya picha, zilizotanuliwa. La pili ndo kubwa zaidi, umetupa piksel halisi ulizokuwa nazo bila kujua.

Ngoja nieleze hili taratibu. Fungua PSD yako kwenye Photoshop, bonyeza leya ya mtu, angalia kama kwenye kijipicha chake kuna alama ya Smart Object. Kama ipo, bonyeza Ctrl+T alafu soma W na H pale juu. Tuseme inasoma 45%. Hiyo inamaanisha picha ya asili ya huyo mtu ni kubwa zaidi ya mara mbili ya unavyoiona kwenye kompoziti, na piksel zake zote bado zimehifadhiwa ndani. Ukikuza PSD yenyewe mara mbili kwa Image Size, leya zikiwa bado hazijabanwa, yule mtu atakuwa 90%, na hapo programu haibuni chochote, inarudi kwenye picha ya asili inachukua piksel za kweli. Kope, nyuzi za nguo, vyote vinarudi. Kwenye JPEG hivyo vyote vilikuwa vimeshapunguzwa alafu unajaribu kuvibuni upya, ni kazi ya bure.

Kama uliingiza mtu kwa kukopi na kubandika tu bila Smart Object, basi piksel zilishapotea siku ile ulipompunguza. Hapo dawa ni kumrudisha tena kutoka faili la asili baada ya kukuza, unamweka juu ya yule wa zamani, unashusha opasiti umlinganishe, kisha unahamisha maski. Kwa mtu mmoja ni kazi ya nusu saa na inalipa sana, hasa usoni, maana kwenye bango watu wote wanaanza kuangalia uso.

Kabla hujabonyeza Image Size kuna vitu uzime. Leya yoyote ya kunoa uliyoweka mwishoni, kama High Pass, izime au ifute, kunoa kulikofanywa kwenye saizi ndogo kukikuzwa ndo mstari mweupe unazaliwa hapo. Leya ya chembe, yaani chenga za kuongeza makusudi, kama uliweka nayo izime, utaiweka upya. Na filta zenye radius, ukungu wa vivuli kwa mfano, zikague baada ya kukuza maana ukungu wa piksel 10 kwenye faili mpya ni nusu ya ulivyokuwa, inabidi upandishe mwenyewe mpaka 20. Kivuli cha miguuni ndo huwa kinanisaliti mimi, mtu anaonekana anaelea kidogo na hujui kwanini, kumbe kivuli kimekuwa kikali kuliko ulivyokiacha.

Haya, milima. Fanya ile ile ya Ctrl+T, hapa huenda utakuta kinyume, tuseme picha ilitoka kwenye simu ina upana wa piksel 4000 na wewe uliivuta 125% ili ijaze. Ukikuza mara mbili itakuwa 250%, hakuna piksel za akiba humo. Kwahiyo hii usiiache ikuzwe pamoja na zingine. Ichukue picha ya milima peke yake, faili la asili, ifungue pembeni. Kwanza toa chenga, kwenye Camera Raw Filter vuta Noise Reduction mpaka anga na vivuli vitulie lakini majani na miamba bado yana umbo, ukikosea ni bora chenga kidogo zibaki kuliko kufuta miamba. Baada ya hapo ndo Image Size, upana 10,000, Resample weka Preserve Details 2.0. Ina kitelezi cha Reduce Noise, anza na 20 hivi, na uangalie kwa 100% sehemu zenye vitu vidogo vingi, majani na changarawe. Ukiona vinaanza kuwa kama minyoo iliyosokotana ujue ile njia inabuni maumbo ambayo hayapo, hapo rudi ubadilishe kwenda Bicubic Smoother, itakuwa laini zaidi lakini haina uongo, na ulaini tunaumaliza baadaye. Ukimaliza irudishe kwenye PSD ikae 100%.

Kwa anayetumia GIMP njia ni hiyo hiyo ila kwenye Scale Image chagua LoHalo au NoHalo, na kila picha uiingize upya kutoka faili lake la asili.

Sasa umefika kwenye stika. Hili swali ndo zuri zaidi kwenye uliyouliza na wengi wanalitibu vibaya, wanalainisha kingo za mtu kwa brashi mpaka anaonekana ana ukungu mwilini. Stika inatokea kwa sababu tatu na zote zimejificha kwenye kompoziti ikiwa ndogo.

Ya kwanza ni maski. Angalia kilichotokea, ndani ya mtu sasa hivi piksel ni za kweli na kali, ila maski yake ni ile ile ya zamani imevutwa mara mbili, mpito wake uliokuwa piksel 2 sasa ni 4. Kwahiyo una mtu mkali aliyezungukwa na ukingo laini, na ndani ya huo ukingo laini kuna rangi ya bakgraundi yake ya zamani, kama alipigwa mbele ya ukuta mweupe basi weupe ule umekaa humo. Ukinoa, weupe unaongezwa. Dawa yake, bonyeza maski yenyewe sio picha, Ctrl+L kufungua Levels, kipembe cheusi peleka 50, cheupe rudisha 205, hapo mpito unabana. Kisha kipembe cha kati kisogeze kulia mpaka kisome 0.80 hivi, utaona ukingo unaingia ndani ya mwili kidogo na ule weupe unakatwa. Fanya hivyo kwenye mabega, mikono, nguo. Nywele usiziguse na Levels hata kidogo, zitakuwa kama zimekatwa na mkasi, zichague kwanza uziondoe kwenye hiyo kazi. Kama kwenye nywele kuna weupe, fungua leya mpya juu ya mtu, igandamize kwake kwa Create Clipping Mask, iweke mode ya Darken, alafu paka rangi ya nywele yenyewe kwa brashi laini pale pembeni.

Ya pili ni tofauti ya ukali kati ya mtu na ardhi aliyosimama. Milima ya mbali ikiwa laini hakuna shida, jicho linakubali kwamba iko mbali. Kinachokataliwa ni viatu vikali vimekanyaga changarawe laini, maana viko umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Kwahiyo nenda miguuni kwa 100%, linganisha kiatu na jiwe la jirani. Jiwe likiwa limelegea, sogeza pande zote mbili, nakili leya ya ardhi uinoe kwa Unsharp Mask radius 2 na maski inayofifia kadri ardhi inavyoenda mbali, alafu mtu mpe Gaussian Blur ndogo sana, 0.6 mpaka 0.8, na maski yake iwe kuanzia magotini kushuka chini tu. Uso uache. Najua inauma kulainisha kitu ulichohangaika kukipata kikiwa kikali, ila piksel 0.8 kwenye bango hili ni theluthi moja ya milimita, hakuna atakayeuona huo ulaini, atakachoona ni kwamba mtu kakanyaga chini kweli.

Ya tatu ni chenga, na nitaifikia mwisho maana huwekwa mwisho.

Kunoa sasa. Ukiwa umeridhika, zima kwanza leya za maandishi na logo, utaziwasha ukimaliza kunoa, bonyeza leya ya picha iliyo juu kabisa alafu Ctrl+Alt+Shift+E, utapata leya moja yenye picha yote huku zingine zikibaki chini yake. Inakili kwa Ctrl+J ubaki na moja isiyonolewa chini, ya juu ndo ya kunoa. Mode yake iwe Luminosity ili inoe mwanga tu, rangi zisipate vijipindo vya kijani na zambarau kwenye kingo.

Kwenye Unsharp Mask kinachoamua kila kitu ni Radius, na hapa ndo ile hesabu ya milimita inarudi. Kunoa hakuongezi kitu kipya kwenye picha, kunachora utepe mweusi upande mmoja wa ukingo na mweupe upande wa pili, na upana wa huo utepe unafuata Radius. Utepe ukiwa mwembamba kuliko jicho linavyoweza kutenganisha, jicho linausoma kama ukali. Ukiwa mpana, jicho linauona kama mstari. Kwako piksel ni milimita 0.4, kwahiyo Radius 2 inakupa utepe wa takriban milimita 0.8, mtu wa mita 3 mwisho wake ni 0.9, umemkalia vizuri kabisa. Ukiweka Radius 0.5 kama unavyozoea kwenye picha za simu, utepe ni milimita 0.2, unamezwa na wino unaotawanyika kwenye turubai, umenoa bure. Ukiweka 6 ni milimita 2.4, huyo mstari mweupe unaonekana mpaka kwa mtu aliyesimama mita 8. Kwahiyo anza na Amount 100, Radius 2, Threshold 3, ile Threshold inazuia anga na ngozi zisinolewe chenga zake.

Utepe mweupe unaudhi jicho kuliko mweusi, kwahiyo usiutendee sawa. Nakili ile leya uliyonoa ziwe mbili. Hapo sasa mode ya ya kwanza iwe Darken na opasiti 100, ya pili iwe Lighten na opasiti 40 au 50. Zote mbili ziweke kwenye grupu moja pamoja na ile nakala isiyonolewa, nakala iwe chini kabisa na mode Normal ili Darken na Lighten zipate cha kulinganisha humo ndani, kisha mode ya grupu iwe Luminosity. Ukali unabaki, mstari mweupe unapungua nusu.

Alafu kuna hatua ambayo kwenye picha ya kawaida haihitajiki ila kwenye kompoziti ni lazima. Ukingo wa mtu na bakgraundi ni ukingo uliotengenezwa na wewe, mara nyingi una utofauti mkubwa wa mwanga kuliko kingo zingine zote, kwahiyo Unsharp Mask inauvamia huo kwanza. Lipe kwanza lile grupu la kunoa maski nyeupe, kisha shika Ctrl bonyeza maski ya mtu ili ichaguliwe, nenda Select, Modify, Border, weka 10, kisha kwenye maski ya lile grupu la kunoa jaza kijivu cha giza kwenye huo uchaguzi, bonyeza Ctrl+D kuondoa uchaguzi, alafu ilainishe maski na Gaussian Blur ya 3 au 4. Sasa mtu ananolewa ndani, milima inanolewa nje, ule mshono wenyewe unaguswa kidogo tu. Niliwahi kuprinti bango bila hii hatua, kwenye skrini lilikuwa safi, lilipotundikwa kila mtu kwenye picha alikuwa na waya mweupe mwilini na ikabidi lirudiwe lote kwa gharama zangu. Tangu hapo siiruki.

Angalia pia kama anga yako uliyobadilisha ina mshono na milima, ule nao uupitie hivyo hivyo.

Baada ya kunoa ndo chembe. Mtu katoka kamera moja, milima simu nyingine, anga sijui wapi, kila mmoja ana chenga zake na mmoja huenda hana kabisa, na hapo ndo ile sababu ya tatu ya stika. Tengeneza leya mpya juu ya grupu la kunoa, ijaze kijivu cha 50%, mode Overlay, kisha Add Noise, Gaussian, weka tiki Monochromatic, asilimia 3 mpaka 4, alafu ipe Gaussian Blur ya 0.6 isiwe kali kama mchanga. Kwa mbali hazionekani, kwa karibu zinafanya vitu vyote vionekane vimetoka kwenye kamera moja. Faida nyingine kubwa, anga lenye rangi inayopanda taratibu likikuzwa huwa linapata mistari kama ngazi, hizi chembe zinaivunja. Ukizinoa kwa bahati mbaya zitakuwa madoa, ndo maana zinakaa juu ya kunoa sio chini.

Kupima usitegemee macho yako ukiwa umekaa puani pa skrini, kwa 100% kazi iliyonolewa vizuri kwa bango huwa inaonekana imezidi, na ukiipunguza mpaka ipendeze hapo itatoka laini. Chora boksi la piksel 250 kwenye picha, hiyo ni sentimita 10 za bango, zum mpaka rula yako ikisoma sentimita 10 kweli kwenye skrini. Inuka, rudi nyuma hatua za mita 3, angalia uso na ukingo wa bega. Mstari ukionekana kutoka hapo, punguza ile leya ya Lighten kwanza kabla hujagusa Amount. Kisha sogea mita moja na nusu, hapo utaona kidogo na ni sawa, ila isiwe kitu cha kwanza kuonekana.

Alafu kata kipande cha piksel 1000 kwa 1000 chenye nusu ya uso, nywele na anga, hiyo ni sentimita 40 kwa 40, waombe wakuprintie hicho tu kwenye turubai ile ile ya bango, kwa saizi halisi bila kukuza. Kama turubai ni ile ya matundu, vitu vidogo vitapotea na usihangaike kuvinoa zaidi, matundu hayana wino. Waulize pia kama programu yao ya kuprinti inanoa yenyewe, ikiwa ndiyo waizime, kunoa mara mbili kunarudisha ule waya mweupe.

Kutuma, fungua Image Size toa tiki ya Resample, andika upana sentimita 400, Resolution itasoma 25 kwa sentimita, ambayo kwa inchi ni 63.5. Sevu Photoshop PDF ili maandishi na logo kama ni vekta zibaki vekta, zenyewe zitakuwa kali kwa umbali wowote, au TIFF kama wanataka hivyo, JPEG hapana. Wakikurudia na ile 300 waambie faili ni piksel 10,000 kwa 5,000 kwa saizi kamili, na waonyeshe kile kipande cha majaribio kikiwa ukutani wao wakiwa wamesimama mita 3.

Jambo moja siwezi kukuficha, kama uso kwenye picha ya asili ulitikisika au fokasi ilikaa kwenye bega, haya yote hayatauokoa, utanoa ukungu tu. Ufungue leo hiyo faili ya asili uangalie macho kwa 100%, kama kope hazitenganishiki omba picha nyingine ya huyo mtu sasa hivi kabla hujaanza kukuza.